Kata Simu, Kisha Upige Wewe: Utaratibu Salama wa Kubadilisha Nenosiri Ofisini

Nambari yako ya siri unailinda vizuri. Humwambii mtu, hata yule anayepiga akijidai ametoka kwetu. Lakini hebu jiulize swali moja kuhusu biashara yako: ni nani ofisini anayeweza kumbadilishia mhasibu nenosiri, na anahitaji kusikia nini kwenye simu ndipo afanye hivyo?

Kwenye kampuni nyingi ndogo jibu ni rahisi mno. Kuna dada wa dawati la mbele au fundi wa kompyuta anayekuja mara mbili kwa wiki. Mfanyakazi akisahau nenosiri anapiga simu, anataja jina, anapewa jipya, kazi inaendelea. Tapeli anajua hivyo. Hana haja ya kuvunja kompyuta yoyote. Anapiga simu na kuomba, basi.

Kwenye somo hili tunajenga pamoja utaratibu ambao hata mtu mmoja tu wa dawati anaweza kuufuata. Hautegemei ujanja wake wa kutambua sauti, wala ujasiri wake wa kubishana na bosi.

Kwa nini maswali ya kawaida hayasaidii

Ofisi nyingi humthibitisha mpigaji kwa kumuuliza maswali: nambari ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, nambari ya mfanyakazi, jina la msimamizi wake. Shida ni kwamba majibu hayo si siri. Nambari ya kitambulisho tunaiandika kwenye daftari la mlinzi kila tunapoingia jengo la watu. Tarehe ya kuzaliwa iko Facebook, na keki yake ikiwepo. Jina la msimamizi liko kwenye tovuti ya kampuni. Mtu akijibu yote sawasawa, umejua tu kwamba amefanya utafiti wake.

Nambari inayoonekana kwenye kioo cha simu nayo si ushahidi. Kuna njia za kufanya simu ionekane imetoka nambari nyingine. Sauti pia haitoshi tena, kwa sababu siku hizi sauti ya mtu inaweza kuigwa kwa kompyuta kutokana na rekodi fupi. Na hata bila kompyuta, mtu anayeongea haraka huku matatu zinapiga honi nyuma yake anaweza kufanana na yeyote.

Hata kampuni kubwa zimeumia hapa. Mwezi Agosti 2023, kampuni ya Clorox ya Marekani, watengenezaji wa dawa za usafi, ilivamiwa kimtandao na uzalishaji wake ukayumba. Mwaka 2025 iliishtaki Cognizant, kampuni iliyokuwa ikiiendeshea dawati la usaidizi. Kwa mujibu wa mashtaka hayo, mvamizi alipiga simu tu na kuomba, akabadilishiwa nenosiri la mfanyakazi bila kuthibitishwa. Mashtaka yanasema pia alibadilishiwa nambari ya simu ambayo msimbo wa uthibitisho hutumwa. Clorox inadai hasara ya takriban dola milioni 380. Cognizant inakanusha lawama, ikisema kazi yake ilikuwa ndogo na haikuhusu ulinzi wa mtandao. Hata tukiwaachia mahakama waamue, njia yenyewe ni ya kujifunza: mlango ulikuwa simu ya kawaida.

Kanuni moja inayobeba mengine yote

Kanuni ni hii: *mpigaji hachagui atathibitishwa kwa njia gani. Daftari ndilo linalochagua.*

Maana yake ni kwamba simu inayoingia ni ombi tu. Haibadilishi chochote. Mtu wa dawati anaandika ombi, anakata simu, kisha anapiga yeye mwenyewe kwa nambari iliyo kwenye daftari la kampuni. Si nambari aliyopiga nayo mtu huyo, wala ile aliyoisoma kwenye simu, wala iliyo chini ya barua pepe aliyotuma. Mwenye jina akipokea na kusema ndiyo, ni yeye aliyeomba, unaendelea. Akishangaa na kusema hajaomba kitu, umemnasa tapeli bila kubishana naye hata neno moja.

Anza na daftari

Hatua ya kwanza si kompyuta, ni karatasi. Tuchukue mfano wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi Nakuru, lenye tawi Naivasha na jingine Gilgil, wafanyakazi 24 kwa jumla. Daftari lao lina mistari 24. Kila mstari una jina, nambari ya simu ya mfanyakazi, jina na nambari ya msimamizi wake, na mifumo anayoitumia.

Mwisho wa mstari kuna herufi moja, A au B. Herufi A ni mtu wa kawaida: muuzaji anayeingia kwenye mfumo wa stoki, au dereva mwenye barua pepe ya kazini. Herufi B ni yeyote anayeweza kutoa pesa au kufungulia wengine mlango: mhasibu, mkurugenzi, anayeandaa mishahara, na fundi wa kompyuta mwenyewe. Kwenye duka letu la mfano, B ni watu 5 tu.

Daftari hili lichapishwe na lifungiwe kwenye droo ya dawati. Likiwa kwenye barua pepe ya kampuni peke yake, tapeli akishaingia kwenye barua pepe moja anaweza kulisoma, pengine hata kulibadilisha. Na anayeruhusiwa kubadilisha nambari humo awe mtu mwingine, tuseme anayeshughulikia wafanyakazi, si yule anayebadilisha manenosiri.

Hapa ndipo ofisi nyingi huteleza. Tapeli mwerevu haanzi kwa kuomba nenosiri. Anaanza Jumatatu kwa ombi dogo: "Nimebadilisha laini, naomba mniwekee nambari mpya." Linaonekana jambo la kawaida, linafanywa. Alhamisi anaomba nenosiri, dada wa dawati anafuata utaratibu vizuri kabisa, anapiga nambari iliyo kwenye daftari, na anayepokea ni tapeli.

Kwa hivyo kubadilisha nambari kwenye daftari kuwe kugumu kuliko kubadilisha nenosiri. Mwenyewe afike, ofisini au kwa meneja wa tawi lake, na kitambulisho mkononi. Nambari ya zamani ipigiwe na kutumiwa ujumbe kwamba mabadiliko yameombwa. Nambari mpya isitumike kwa nenosiri lolote hadi saa 24 zipite. Kama ile ya zamani bado iko hewani na mwenyewe hajui lolote, ana nafasi ya kupiga kelele.

Hatua za mtu wa herufi A

1. Pokea ombi. Andika jina, saa, mfumo anaotaka, na nambari aliyopigia.
2. Kata simu. Usitoe taarifa yoyote, hata kuthibitisha kwamba mtu huyo yuko kazini leo.
3. Piga nambari ya daftari. Uliza: "Kuna ombi lolote umetuma kwetu leo?" Mwache aseme mwenyewe. Ukimwuliza "Ni wewe umeomba nenosiri la stoki?" umeshampa jibu.
4. Akitaja ombi lenyewe, tengeneza nenosiri la muda litakalokufa baada ya saa 1, linalomlazimisha kuweka lake mara ya kwanza anapoingia. Msomee kwenye simu hiyo hiyo uliyopiga wewe. Usilitume kwa WhatsApp, litakaa huko miaka.
5. Mtoe kwenye vifaa vyote vilivyokuwa wazi kwa akaunti hiyo. Kama kuna mtu alikuwa ndani kimyakimya, naye atatoka.
6. Tuma ujumbe mfupi kwa mwenyewe na kwa msimamizi wake: nenosiri limebadilishwa, saa fulani. Andika kwenye daftari.

Kwa mtu aliyezoea, mambo haya hayamalizi dakika 5.

Kwa mtu wa herufi B, simu moja haitoshi

Kupiga nambari ya daftari kuna udhaifu mmoja ambao sisi watu wa pesa za simu tunaujua sana: laini inaweza kuibwa. Tapeli anaisajili laini ya mtu upya kwenye kadi nyingine, simu ya mwenyewe inakosa mtandao, na kila unachopiga kinaenda kwa mwizi. Wenye laini za Safaricom wanaweza kupiga *100*100# ili laini isibadilishwe hivi hivi tu kwa wakala, na tunashauri watu wote wa herufi B wafanye hivyo. Lakini utaratibu wako usitegemee hilo pekee.

Kwa B, baada ya hatua ya 3 ongeza msimamizi. Mpigie kwa nambari yake ya daftari, na uangalie sana unavyouliza. Ukisema, "Mhasibu ameomba nenosiri, nimpe?" atajibu "Mpe" kwa sababu anadhani umeshamthibitisha. Wewe nawe unampa kwa sababu unadhani yeye amemthibitisha. Kumbe hakuna aliyemthibitisha. Swali liwe hivi: "Leo umemwona mhasibu kwa macho, au kwa simu ya video, na amekwambia mwenyewe kwamba amefungiwa nje?" Kama jibu si ndiyo, msimamizi aende akamwone kwanza. Simu ya video ni bora kuliko sauti, ila mkiweza kuonana ana kwa ana, onaneni.

Na jambo la pili kwa B: nenosiri na msimbo wa uthibitisho visibadilishwe siku moja. Ule msimbo unaoingia kwenye simu ni kufuli la pili. Mtu anayesema amesahau nenosiri, na simu imepotea, na anataka nambari mpya, na yote leo, anaomba makufuli yote mawili kwa mkupuo. Huyo hapewi kwa simu hata kidogo. Aje ofisini.

Tuone linavyofanya kazi

Ni Ijumaa tarehe 28, saa 9 alasiri. Simu inalia kwenye dawati la duka letu la Nakuru.

"Dada, ni mimi wa uhasibu. Niko njiani naelekea Naivasha, simu yangu imezima chaji, hii ni ya abiria mwenzangu. Nimejaribu kuingia kwenye mfumo wa malipo umenifungia. Mishahara lazima iende kabla ya saa 10, bosi ameshanipigia mara mbili. Tafadhali nisaidie nenosiri jipya."

"Pole sana. Nimeandika ombi lako. Nakata sasa, halafu nitapiga nambari yako iliyo kwenye daftari."

"Si nimekwambia imezima! Piga hii hii. Ama unataka watu wakose mishahara juu yako?"

"Nakuelewa. Sina ruhusa ya kutumia nambari nyingine, hata kwa mkurugenzi. Ukifika Naivasha au hapa, meneja anaweza kukuthibitisha. Kwaheri."

Anakata. Anapiga nambari ya daftari. Simu haijazima, inalia. Mhasibu anapokea, yuko Gilgil anahesabu stoki, na hajaomba kitu. Jumla ya muda: dakika 2.

Angalia kile ambacho dada wa dawati *hakufanya*. Hakumwita mpigaji mwongo. Hakumwuliza maswali ya kumtega. Hakujaribu kuamua kama sauti ni yenyewe. Angekuwa mhasibu wa kweli kwenye matatu, jibu lingekuwa lile lile, na mhasibu angeteremka Naivasha, akaenda tawini, meneja wa tawi akapiga simu kwa nambari ya tawi. Usumbufu ni wa saa moja hivi. Njia hiyo ya mtu aliyepoteza simu kweli lazima iwe imeandikwa, la sivyo siku ya shida watu wataibuni wenyewe, na ndiyo hiyo tapeli anaitafuta.

Sasa angalia tarehe: 28, mwisho wa mwezi. Tapeli hakuichagua bure. Ikiwa kwenye kampuni yako ni mtu mmoja tu anayeweza kulipa mishahara, basi siku akifungiwa nje, kila mtu atamshinikiza dada wa dawati avunje kanuni. Dawa yake si kumkemea dada. Weka watu wawili wanaoweza kuandaa malipo, na mwingine wa kuidhinisha. Hivyo mishahara itaenda hata mhasibu akiwa amefungiwa. Pia hata tapeli akipata nenosiri la anayeandaa, pesa hazitoki bila yule wa kuidhinisha. Tunashauri vilevile kwamba akaunti ya B iliyobadilishiwa nenosiri isiandae wala kuidhinisha malipo kwa saa 24. Tena anayeidhinisha aambiwe.

Bosi naye

Utaratibu huu utakufa siku mkurugenzi atakapopiga simu akifoka na kuhudumiwa papo hapo. Baada ya hapo tapeli anahitaji tu kujiita mkurugenzi. Kwa hivyo mkurugenzi mwenyewe aandike na kusaini sentensi moja, ibandikwe dawatini: *"Mtu wa dawati akinikatia simu ili anipigie kwa nambari ya daftari, amefanya kazi yake, na hatalaumiwa."* Dada aliyeajiriwa miezi 3 iliyopita hawezi kumkatalia bosi kwa nguvu zake. Kwa karatasi hiyo, anayekataa si yeye, ni bosi mwenyewe aliyekataa mapema.

Utajuaje kwamba mmeshaingiliwa?

Pitia daftari kila Ijumaa. Tafuta mambo mawili: nambari ya simu iliyobadilishwa na kufuatiwa na nenosiri ndani ya wiki moja, na mtu mmoja aliyebadilishiwa nenosiri mara mbili ndani ya siku chache.

Lakini dalili kubwa kuliko zote huja kwa sauti ya upole. Mfanyakazi anapiga na kusema, "Nenosiri langu limeacha kufanya kazi, na sijagusa kitu." Wengi hufanya haraka kumpa jipya. Usifanye hivyo. Kwanza fungua daftari uone kama kuna aliyebadilishiwa kwa jina lake. Kama yupo na mwenyewe hajaomba, funga akaunti hiyo mara moja, wajulishe wanaoidhinisha malipo, piga simu kwa kampuni ya malipo mnayotumia mkasimamishe miamala, kisha ndipo muanze kuchunguza. Iwapo taarifa za watu zimefikiwa na zinaweza kuwadhuru, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka umjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ujue.

Jaribuni wenyewe

Kila baada ya miezi 3, mwombe mtu asiyejulikana dawatini apige na hadithi nzuri: mgonjwa hospitalini, mkutano wa benki, ndege inaondoka. Unapima jambo moja tu: je, simu ilikatwa na nambari ya daftari ikapigwa? Aliyenaswa asiaibishwe mbele ya wenzake. Mwulize ni neno gani lililomfanya alegee, kwa sababu neno hilo hilo ndilo tapeli atalitumia.

Haya ndiyo ya kubandika kando ya simu ya dawati:

- Simu inayoingia ni ombi, haibadilishi kitu.
- Kata, kisha piga nambari ya daftari.
- Mwache aseme ameomba nini.
- Herufi B: msimamizi amwone kwa macho yake.
- Nambari mpya: afike mwenyewe, usubiri saa 24.
- Nenosiri na msimbo: kamwe si siku moja.
- "Nenosiri limeacha tu": angalia daftari kabla ya kusaidia.

Na kumbuka, sisi pia tuko chini ya kanuni hiyo hiyo. Mtu akikupigia akisema ametoka kwetu na anataka nenosiri, nambari ya siri au msimbo uliotumiwa, mkatie. Kisha utupigie wewe, kwa nambari iliyo ndani ya programu yetu.